Sekunde 10 Kabla ya Jibu: Namna ya Kutega Chemshabongo

Kabla hujaendelea, chukua kalamu. Daftari na kalamu kwa pamoja ni shilingi 1,100. Bei ya daftari imezidi bei ya kalamu kwa shilingi 1,000 kamili. Je, kalamu ni shilingi ngapi? Andika jibu lako pembeni ya ukurasa huu, hata kama huna uhakika nalo. Tutalirudia.

Huu ndio mtindo wa zile klipu za chemshabongo zinazozunguka kwenye simu zetu. Swali linatokea, saa inahesabu kurudi nyuma kuanzia 10, mtazamaji anatakiwa awe ameshaandika jibu lake kabla ya sifuri, halafu jibu linafunuliwa. Semista iliyopita kikundi chetu cha kusomea takwimu kilianza kutengeneza klipu za namna hiyo ili tujiandae na mtihani. Tulianza vibaya. Ninachoeleza hapa ni kile tulichojifunza kuhusu kile kipande kifupi kilicho kati ya swali na jibu, maana kazi yote inafanyika hapo.

Ukimwonyesha mtu swali na jibu lake kwa mpigo, atakwambia, "Aa, hii nilikuwa naijua." Wala hasemi uongo; anaamini kweli. Mwaka 1975 mwanasaikolojia Baruch Fischhoff alionyesha kwamba watu wakishaambiwa jambo liliishaje, huliona kama lilikuwa linatabirika tangu mwanzo. Kwenye kimbweta hali ni hiyo hiyo. Desa limefunguliwa, jibu liko mbele ya macho, kila mtu anaitikia kwa kichwa. Ukweli unakuja kujulikana kwenye chumba cha mtihani, na wengine wanaujua wakati wa sapu. Lakini aliyeandika jibu lake kabla ya kufunuliwa hana pa kujificha. Namba yake iko pale, kwa mwandiko wake mwenyewe.

Wazee wetu walilijua hili. Mtegaji anasema "Kitendawili!", wenzake wanaitika "Tega!", naye anatega: nyumba yangu haina mlango. Watu wanabuni. Wakishindwa, hawapewi jibu bure, mtegaji anadai "Nipe mji!", na ni baada ya kupewa mji anaoukubali ndipo anaposema kwamba ni yai. Jibu lina bei, na bei yenyewe ni kukubali mbele ya watu kwamba umeshindwa. Tofauti ni kwamba mtegaji wa kitendawili anaziangalia nyuso za wenzake, anajua lini wamechoka kubuni. Saa ya kwenye klipu haimwangalii mtu. Kwa hiyo kazi ya kuangalia lazima ifanyike mapema, wakati swali linatungwa.

Sasa turudi kwenye daftari. Kama umeandika 100, usijilaumu. Swali hili limetokana na lile la gongo na mpira ambalo Shane Frederick alilitumia kwenye jaribio lake la mwaka 2005, na wanafunzi wengi wa vyuo vikubwa vya Marekani walinasa hapo hapo. Lakini hebu likague jibu hilo. Kama kalamu ni 100, daftari lililoizidi kwa 1,000 ni 1,100, na jumla inakuwa 1,200. Imezidi. Toa ile 1,000 ya ziada kwanza, zinabaki 100, kisha zigawe sawa kwa vitu viwili. Kalamu ni shilingi 50, daftari ni 1,050.

Angalia mpangilio wa ufunuo huo. Sikuanza na 50. Nilianza na 100, nikaonyesha inavunjikia wapi, ndipo nikaja kwenye jibu. Klipu yetu ya kwanza ilionyesha "50" kwa maandishi makubwa ikaishia hapo. Waliokosa walijua kwamba wamekosa, ila hawakujua kwa nini, na tulipobadilisha namba wiki iliyofuata wakakosa tena kwa njia ile ile. Swali zuri la namna hii lina kosa moja linalovutia, na ufunuo unapaswa kuanza na kosa hilo. Kama huwezi kutaja kosa ambalo watu watalifanya, huna chemshabongo bado. Una swali tu.

Aibu kubwa zaidi ilitokana na lugha. Kwenye toleo lile la kwanza tuliandika: "Daftari limezidi kalamu kwa zaidi ya shilingi 1,000." Masikioni ni karibu sawa na nilivyoandika hapo juu. Mwenzetu mmoja akajibu 40, tukamcheka. Akatutaka tupige hesabu. Kalamu 40, daftari 1,060, jumla 1,100, tofauti 1,020, ambayo kweli ni zaidi ya 1,000. Alikuwa sahihi! Kwa maneno yale, bei yoyote ya kalamu iliyo chini ya 50 ilikuwa jibu sahihi, na ile 50 tuliyoifunua kwa mbwembwe ndiyo iliyokuwa na kosa, kwa sababu inatoa tofauti ya 1,000 kamili. Tangu siku hiyo, kabla ya kurekodi tunampa swali mtu ambaye hakuwepo wakati wa kulitunga. Tunamwomba asijaribu kulijibu tu, bali pia atafute jibu la pili linaloruhusiwa na maneno yetu. Akilipata, tunaandika upya.

Mtu huyo huyo ndiye anayetupa muda. Tunamwacha amalize kusoma, ndipo tunaanza kuhesabu mpaka ajibu. Zamani saa yetu ilianza pale swali lilipotokea, kwa hiyo nusu ya zile sekunde 10 iliisha kwenye kusoma. Tukadhani watu hawajui takwimu, kumbe hawakuwa wamefika kwenye alama ya kuuliza. Na kuna maswali ambayo sekunde 10 haziyatoshi hata saa ikianza baada ya kusoma. Ukimbana mtu kwenye swali la hesabu, unachokusanya ni jibu la haraka. Ni sawa kama lengo lako ni kuonyesha mtego, lakini usilihesabu kama kipimo cha uelewa. Kwa maswali hayo tunaandika wazi: simamisha video, piga hesabu, ndipo uendelee.

Utajuaje kama swali lilifaa? Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Harvard, alianza miaka ya 1990 kufundisha kwa maswali ya namna hii darasani. Wanafunzi wanafikiri kila mmoja peke yake, wanatoa majibu, kisha mwalimu anaangalia wangapi wamepata. Wakiwa chini ya asilimia 30, somo linarudiwa. Wakizidi asilimia 70, anaeleza kwa ufupi na kusonga mbele. Wakiwa katikati, jibu halifunuliwi kwanza; wanageukiana, wanabishana, kisha wanajibu tena. Nasi tunafanya hivyo kwenye kimbweta: klipu inasimamishwa kwenye sifuri, kila mtu anafunua karatasi yake kwa wakati mmoja, asije mmoja akamfuata mwenye sauti kubwa. Tukigawanyika, tunabishana kwanza.

Ile namba uliyoiandika pembeni usiifute. Kama ni 100, iache pale pamoja na mstari wa hesabu unaoonyesha jumla ya 1,200.