Kabla ya Kumwaga Jamvi: Moramu, Maji na Shimo la Kupimia

Kwenye saiti nyingi za nyumba ninazoitwa huku Kagera, nikiuliza kifusi cha ndani ya msingi kimeshindiliwaje, jibu huwa lilelile: "Tumekimwagia maji mpaka kikashiba." Kwa mchanga safi jibu hilo lina mantiki kidogo, maana maji hupenya upesi, chembe zinajipanga, kisha maji yanashuka zake. Moramu haiko hivyo. Ndani yake mna udongo wa mfinyanzi unaoshika maji, na ukiifungulia mpira kutwa nzima, maji yanakaa mahali ambapo chembe zilipaswa kubanana. Juu panakauka na kuwa pagumu, fundi anapiga kisigino, anaridhika. Chini ya hapo kifusi kiko vilevile kilivyomwagwa na lori.

Nitaeleza kwa chumba kimoja cha duka nje kidogo ya Bukoba, mita 5 kwa 4. Udongo mweusi wenye mizizi ulikuwa umeshaondolewa, na kutoka hapo hadi usawa wa kupanga mawe ya chini ya jamvi palihitaji kujazwa sentimita 60. Fundi alikuwa amekodi kompakta ya sahani ya kilo 90 hivi, akapanga kujaza kwa awamu mbili. Mashine ya ukubwa huo, kwenye moramu, nguvu yake inafika sentimita 10 hadi 15 tu. Ukiweka tabaka la sentimita 30, nusu ya juu inashindiliwa na nusu ya chini inatikiswa. Tukakubaliana matabaka manne ya sentimita 15 yaliyokwisha kushindiliwa, ambayo kabla ya kushindiliwa huwa karibu sentimita 20. Tukachora mistari kwa mkaa kwenye kuta za msingi, pande zote nne, ili fundi ajue pa kuishia bila kukisia.

Kabla ya mashine kuwaka, mfuko wa moramu ulipelekwa maabara. Huko wanaishindilia ndani ya kopo la chuma la lita moja kwa nyundo inayodondoshwa kutoka kimo kilekile kila mara, wakirudia kwa viwango tofauti vya maji. Kipimo hiki kinaitwa Proctor, kwa jina la mhandisi wa California aliyekitangaza mwaka 1933. Kila moramu ina kiasi chake cha maji ambapo inabanana kuliko pengine popote. Maji yakipungua, chembe zinakwaruzana na kukataa kupangika. Yakizidi, yanachukua nafasi ya udongo wenyewe.

Waombe maabara mambo mawili. La kwanza, kila pointi ipigwe kwa sampuli mpya. Vijiwe vya moramu huvunjika vikipigwa, kwa hiyo udongo uliotumika mara tano si ule uliouleta kutoka shimoni, na majibu yake hayawezi kukuongoza saitini. La pili, waandike ni nyundo gani. Ipo nyepesi ya kilo 2.5 na ipo nzito ya kilo 4.5. Moramu yetu kwa nyundo nzito ilifika kilo 2.00 za udongo mkavu kwa kila lita, maji yakiwa asilimia 10.5 ya uzito wa udongo mkavu. Kwa nyundo nyepesi ilifika kilo 1.88 tu, na ilitaka maji zaidi. Mkandarasi anayekuandikia "asilimia 95" bila kutaja nyundo hajakuambia kitu bado. Sisi tulichagua 95 ya nyundo nzito, yaani kilo 1.90 kwa lita. Kwa tabaka la juu la barabara huwa wanataka zaidi, mara nyingi 98, na hapo kompakta ya sahani haitoshi, inatakiwa rola.

Sasa maji, na hapa ndipo watu wanapokisia. Tulipima moramu kama ilivyoshuka kwenye lori: gramu 500 kwenye sufuria juu ya jiko la gesi, unakaanga na kugeuza kwa moto wa wastani, unapima, unarudisha motoni, mpaka uzito usishuke tena. Moto usiwe mkali, kwa sababu baadhi ya madini ya moramu hubeba maji ndani ya umbile lake, na ukiyachoma utayahesabu kama unyevu wakati siyo. Zilibaki gramu 476. Zimepotea 24, ambazo ukizigawanya kwa 476 unapata asilimia 5. Tunataka 10.5, kwa hiyo pamepungua 5.5.

Tabaka moja la chumba kile ni mita 5 kwa 4 kwa 0.15, yaani mita za ujazo 3. Kwa kilo 1.90 kwa lita, huo ni udongo mkavu wa kilo 5,700. Asilimia 5.5 yake ni kilo 313, na lita moja ya maji ni kilo moja, basi lita 313. Kwa madumu ya lita 20 ni madumu 16. Jua lilikuwa kali, tukaongeza moja. Fundi alinitazama, akasema, "Injinia, madumu kumi na saba tu kwa chumba chote?" Alikuwa amezoea mpira ukimwaga kutwa nzima.

Maji hayo hayamwagwi juu ya tabaka lililokwisha kutandazwa. Tulichanganya nje, moramu ikigeuzwa kwa beleshi huku maji yakinyunyizwa kwa keni ya bustani, kisha tukaifunika turubai usiku kucha. Madonge ya mfinyanzi hayanywi maji kwa dakika tano. Ukiyashindilia yakiwa makavu ndani, yatalainika baadaye jamvi likiwa tayari juu yake.

Asubuhi, kabla ya kutandaza, jaribu kwa mkono. Chota moramu, ikamue kwa nguvu, fungua kiganja. Inatakiwa ishikane, na ukiibonyeza kwa kidole gumba ivunjike vipande viwili vitatu. Ikimwagika kama unga, maji hayatoshi. Ikiacha kiganja kikimeta maji, au ikibonyea bila kuvunjika, yamezidi. Jaribio la mkono halikupi namba, ila ukishalilinganisha na sufuria mara kadhaa kwa moramu ileile, mkono wako unaanza kuaminika.

Kushindilia kwenyewe hakuna maneno mengi. Unaanzia ukutani ukielekea katikati, kila mpito ukipanda kidogo juu ya ule uliotangulia, na baada ya mipito minne au mitano unasikia mlio wa mashine ukibadilika na kuwa mkavu. Hiyo ni ishara tu, kipimo bado.

Kipimo tulichotumia ni cha shimo na mchanga. Unachimba shimo dogo la duara, kipenyo sentimita 15, kina cha tabaka zima, na kila punje inayotoka inaingia kwenye mfuko bila kupotea. Halafu unajaza shimo kwa mchanga mkavu wa saizi moja, ambao uzito wake kwa lita unaujua tayari. Mchanga ndio unaokuambia shimo ni kubwa kiasi gani, hata kama kuta zake zimechimbika ovyo. Katikati ya chumba ulitoka udongo wa kilo 5.46. Mchanga uliojaa shimoni, ukishatoa ule unaobaki kwenye faneli, ulikuwa kilo 3.64, na mchanga wetu una kilo 1.40 kwa lita, kwa hiyo shimo ni lita 2.6. Gawanya 5.46 kwa 2.6, unapata kilo 2.10 kwa lita, maji yakiwamo. Sufuria ilionyesha unyevu wa asilimia 10.5, basi 2.10 ukigawanya kwa 1.105 ni 1.90. Imefika. (Kwa nyundo nyepesi uzito huo huo ungeandikwa asilimia 101. Ndiyo maana namba inayozidi 100 isikushangaze, uliza nyundo.) Unapochimba, kompakta zote zizimwe, kwa kuwa mtikisiko unaubana mchanga na kukudanganya ukubwa wa shimo.

Shimo la pili tulilipiga pembeni, karibu kabisa na ukuta. Hapo tulipata 1.79, asilimia 89.5. Maji yalikuwa sawa, ila sahani ya mashine haiingii vizuri kwenye kona, na mwendeshaji huogopa kugonga tofali. Kingo zile zilichimbuliwa, zikarudishwa kwa matabaka ya sentimita 7 hadi 8 na kudundwa kwa kishindilio cha mkono. Majamvi mengi ninayoitwa kuyaangalia yana ufa unaofuata ukuta, na asili yake ni hapo konani. Ukipima katikati tu, utafaulu kila siku.

Tabaka la tatu lilinyeshewa usiku, likiwa limetandazwa bila kushindiliwa. Asubuhi kompakta ikawa inapita, udongo unazama mbele na kuinuka nyuma kama godoro. Hali hiyo haitibiwi kwa kuongeza mipito, wala kwa kutupia vumbi kavu juu. Vibarua walilichimbua lote kwa jembe, wakalitandaza lipigwe na jua wakiligeuza, mpaka jioni jaribio la mkono likakubali. Likashindiliwa upya, likapimwa, likapita. Mama mwenye duka hakufurahia siku iliyopotea.

Kuna kosa la upande wa pili ambalo ni baya zaidi kwa sababu halionekani. Moramu iliyoshindiliwa ikiwa kavu mno huwa ngumu sana. Ukiipiga sululu inadunda. Hata ile fimbo ya chuma yenye nyundo ya kilo 8, wanayoiita DCP, ambayo unahesabu inazama milimita ngapi kwa kila pigo, itakupa majibu mazuri. Lakini ugumu huo ni wa ukavu. Ndani mna matundu, na siku bomba la maji likivuja chini ya sakafu, udongo unalainika na kushuka, jamvi linabaki linaning'inia. Shimo la mchanga lingekuonyesha uzito mdogo tangu mwanzo. Mimi naitumia DCP kwa kazi nyingine, kuchungulia kifusi kilichofunikwa na mtu mwingine: ikizama milimita 5 kwa pigo kwenye sentimita 15 za juu, kisha ghafla 25, najua walishindilia kofia tu.

Juu ya tabaka la nne huja mawe. Hayo huwezi kuyapima kwa shimo la mchanga. Unayapanga, unajaza mianya kwa moramu laini au vumbi la kokoto, unapitisha mashine mpaka mawe yasicheze tena, na unahakikisha hakuna ncha itakayotoboa nailoni. Moramu ya chini isiachwe juani wiki nzima ikisubiri mawe, kwa maana itapasuka juu, na mvua ikija italegea. Ikiwa imechelewa, kwangua ile ngozi ya juu, nyunyiza, pitisha mashine tena.

Kama unajenga sasa na wewe si fundi, mwombe msimamizi wako karatasi moja kabla hujanunua saruji ya jamvi: tabaka namba ngapi, shimo lilipigwa wapi, unyevu, uzito mkavu kwa lita, na nyundo ipi. Akikuonyesha karatasi ya tabaka la juu peke yake, mwambie afukue mpaka la chini.