Mistari Imejaa, Picha Haiendi: Kwa Nini Kuongeza Nguvu ya Ruta Kunaweza Kuharibu Wi-Fi

Wakaazi wengi sasa hutuma maombi ya basari na leseni za biashara kwa simu, na karibu kila ombi linahitaji picha ya kitambulisho au cheti. Hapo ndipo malalamiko huanzia. Simu inaonyesha mistari mitatu ya Wi-Fi na ukurasa wa maombi unafunguka, lakini picha inazunguka tu bila kwenda. Mwenye ruta akiambiwa, huingia kwenye mipangilio na kupandisha Transmit Power hadi High. Mistari kwenye simu inaongezeka. Picha bado haiendi, na mara nyingine hata waliokaa karibu na ruta wanaanza kulalamika.

Sababu ni kwamba Wi-Fi haifanyi kazi kama redio ya matangazo. Kituo cha redio hutangaza, nawe unasikiliza. Redio yako haihitaji kujibu lolote. Kwenye Wi-Fi, ruta na simu huzungumza. Data hukatwa vipande vidogo, na kila baada ya kutuma, ruta hungoja jibu fupi la simu kwamba kimefika. Jibu lisipofika, ruta huchukulia kwamba kipande kimepotea, hivyo hukituma tena. Simu nayo ikipakia picha, ndiyo inayobeba mzigo wote na ruta ndiyo inayojibu.

Sasa linganisha nguvu za hao wawili. Ruta imechomekwa kwenye stima na inaweza kutuma kwa miliwati 100. Simu inategemea betri na ina antena ndogo iliyofichwa ndani, kwa hivyo hutuma kwa nguvu ndogo zaidi. Tuchukue miliwati 25, yaani robo ya nguvu ya ruta. Katika uwanja usio na kizuizi, robo ya nguvu hufika nusu ya umbali. Ikiwa simu inaisikia ruta vizuri hadi mita 60, basi ruta itaisikia simu kwa ubora huohuo hadi mita 30 tu. Kuta za mawe na mabati hufupisha umbali wote huo. Ukuta hupunguza mawimbi kwa kiasi kilekile yakienda na yakirudi, ila mnyonge ndiye anayemalizwa kwanza.

Ruta nzuri hupunguza pengo hilo kwa sababu antena zake mbili au nne husikia vizuri kuliko antena za simu. Lakini kubadilisha Transmit Power hakugusi usikivu huo hata kidogo. Kunaongeza sauti ya ruta peke yake. Simu inabaki na sauti ileile.

Mistari ile basi isikudanganye. Inapima jinsi simu inavyoisikia ruta. Haina habari kama ruta inaisikia simu.

Tuchukue ofisi ya wadi yenye ruta moja kwenye meza ya mapokezi. Wanaopanga foleni ndani wako mita 5 au 10 kutoka kwenye ruta. Wengine wanangoja nje chini ya mwarobaini, mita 40 hivi, ukuta mmoja katikati. Nguvu ikiwa ya wastani, aliye chini ya mti anaona mstari mmoja hafifu au hapati Wi-Fi kabisa, kwa hivyo simu yake inatumia bando. Karani anaweka High ili kuwasaidia. Chini ya mti mistari inakuwa mitatu, simu zinaacha bando na kujiunga na Wi-Fi. Kurasa zinafunguka, kwa kuwa ruta ndiyo inayotuma sehemu kubwa na majibu mafupi ya simu hutumwa taratibu, hivyo yanafika mbali kidogo. Kisha mtu anajaribu kupakia picha ya kitambulisho. Sasa simu ndiyo inayopaswa kutuma mzigo mzito, na ruta inasikia vipande nusunusu.

Simu isipopata jibu hurudia, na ikishindwa tena hupunguza kasi, maana ujumbe unaotumwa polepole husikika kwa urahisi zaidi. Picha ya megabaiti 2 ni megabiti 16. Aliye karibu na ruta, kwa kasi ya megabiti 40 kwa sekunde, humaliza chini ya nusu sekunde. Wa chini ya mti, akishuka hadi megabiti 1 kwa sekunde, anahitaji sekunde 16, bila kuhesabu marudio.

Na sekunde hizo 16 si zake peke yake. Simu zote zilizo kwenye ruta moja hutumia hewa ileile kwa zamu. Mmoja akituma, wengine hungoja. Simu tatu zinazohangaika nje zinaweza kumfanya aliye mbele ya meza kuona mtandao umelala, ingawa faiba inayoingia ofisini haina kasoro. Jirani aliye kwenye chaneli hiyohiyo naye anaathirika, kwa kuwa ruta yake husikiliza kwanza kabla ya kutuma, na ikisikia yako inavuma, hungoja.

Kabla ya kumlaumu anayetoa huduma ya mtandao, fanya jaribio hili. Chukua simu ileile na picha ileile, usimame hatua tatu kutoka kwenye ruta na utume. Ikienda mara moja, laini ni nzima na tatizo ni safari kati ya simu na ruta. Ukiwa na tarakilishi, kaa pale penye shida na uandike amri hii, ukiweka anwani ya ruta yako:

```
ping 192.168.1.1
```

Amri hii haitoki nje ya jengo. Mahali pazuri majibu huja ndani ya milisekunde chache. Yakiruka hadi mamia, au ukiona Request timed out huku mistari ikiwa mingi, huenda ruta haikusikii vizuri. Kumbuka tu kwamba tarakilishi mara nyingi hutuma kwa nguvu kuliko simu, kwa hivyo ikifaulu haimaanishi simu itafaulu.

Cha kufanya kwanza ni kurudisha Transmit Power hadi Medium (ruta nyingine huandika Middle). Hili halitamfikisha wa chini ya mti. Litafanya mistari yake iseme ukweli, simu yake irudi kwenye bando, na walio ndani wapate hewa yao. Ukitaka kumfikia, sogeza ruta karibu na dirisha linalotazama mti, au vuta waya hadi ruta ya pili upande huo. Antena kubwa zaidi, kwa ruta inayokubali kubadilishwa, husaidia kwa sababu inaongeza kusema na kusikia pamoja.

Penye ruta mbili, nguvu ya kupita kiasi ina kasoro nyingine. Simu ndiyo huamua ihame lini, na nyingi hazihami maadamu bado zinaisikia ruta ya kwanza vizuri. Ikiwa ya mapokezi inapiga kelele hadi ukumbini, simu itaing'ang'ania hata ukiketi chini ya ruta ya ukumbini. Weka zote Medium, kisha tembea kati ya vyumba huku ukitazama kama simu inahama. Isipohama, shusha ya mapokezi hadi Low na ujaribu tena.