Kufungua Hesabu ya Mkopo kwa Muuzaji Mpya

Wenye maduka ya pembejeo hapa Kombewa na huko Holo huja ofisini wakitaka kuandikiwa barua ya kuomba mali kwa mkopo kwa wauzaji wa jumla wa Kisumu. Barua si ngumu. Iliyo ngumu ni hesabu inayotangulia barua, nayo haiwezi kuandikwa na karani, maana imo katika daftari la mwenye duka mwenyewe. Basi chukua penseli tufanye hesabu moja pamoja.

Tuseme mama mmoja ana duka Kombewa. Anauza vyakula vya kuku na ng'ombe, mbegu za mahindi, dawa za mifugo, na mbolea kidogo. Mpaka sasa hununua vyakula na mbegu kwa fedha taslimu. Amepata muuzaji mpya mjini mwenye bei nzuri zaidi, naye anataka kuchukua mali leo na kulipa baada ya siku 30. Muuzaji huyo hamjui. Atataka kujua mambo mawili tu: je, huyu hulipa siku aliyoahidi? Na je, atanunua kiasi gani kila mwezi?

Tuanze na hili la pili, maana ndilo linalokosewa zaidi.

Wengi huandika, "Nitanunua mali nyingi kila mwezi," au hutaja kiasi kikubwa ili wapate bei ya chini. Muuzaji huandika kiasi hicho katika kitabu chake. Ukiahidi magunia 60 na ukachukua 20, mwezi wa tatu ile bei ya chini huondolewa, na neno lako halina uzito tena. Wengine hukosa kwa njia ya pili: hujumlisha mwaka mzima na kugawanya kwa 12. Njia hii yaonekana ya haki, lakini duka la mkulima halifuati miezi 12 iliyo sawa. Linafuata mvua.

Tazama daftari la mama huyu. Vyakula vya mifugo huuzwa sawasawa mwaka mzima, magunia 20 kwa mwezi. Tukitumia bei ya mfano ya shilingi 3,000 kwa gunia, ni shilingi 60,000. Mbegu ni habari nyingine. Ekari moja ya mahindi hutaka kilo 10 za mbegu, yaani pakiti tano za kilo mbili. Wateja wake hupanda jumla ya ekari 32, basi ni pakiti 160. Wakati wa chwiri, mvua za masika, pakiti 120 hutoka mwezi wa Machi na 40 mwezi wa Aprili, kwa wale waliochelewa na wale ambao mbegu zao za kwanza hazikuota. Kwa bei ya mfano ya shilingi 500 kwa pakiti, Machi ni shilingi 60,000 za mbegu na Aprili 20,000. Wakati wa opon, mvua za vuli, wengi hawapandi mahindi maana mvua hizo si za kutegemewa. Septemba huuza pakiti 50, yaani shilingi 25,000.

Sasa jumlisha vyakula na mbegu. Machi ni shilingi 120,000. Aprili 80,000. Septemba 85,000. Miezi tisa iliyobaki ni 60,000 kila mmoja. Mwaka mzima ni shilingi 825,000, na ukigawanya kwa 12 wapata 68,750. Kama mama huyu angeandika kwamba hununua mali ya shilingi 69,000 kwa mwezi, muuzaji angempa kikomo cha shilingi 70,000. Tarehe 15 Machi mvua imenyesha, wateja wamesimama mlangoni, na karani wa Kisumu anamwambia kwa simu, "Umefika kikomo, lipa kwanza." Wateja watakwenda Holo siku hiyo hiyo, na pamoja na mbegu watanunua chakula cha kuku huko huko.

Huenda umeona kwamba sikuweka mbolea katika hesabu. Sababu ni hii. Tangu mwaka 2022 Serikali imeuza mbolea ya ruzuku kwa wakulima walioandikishwa. Mwaka ule gunia la kilo 50 lilikuwa shilingi 3,500, na mwaka 2023 likateremshwa hadi 2,500. Mbolea hiyo ikifika mapema, dukani hainunuliwi; ikichelewa, watu hukimbilia dukani. Mwenye duka hawezi kujua mwaka huu utakuwaje, basi asiahidi kwa muuzaji kitu kilicho mikononi mwa wengine. Mbolea na ainunue kwa fedha taslimu, kidogo kidogo.

Baada ya kiasi, kikomo. Hapa uliza neno moja kabla ya yote: siku 30 zaanza kuhesabiwa lini? Wauzaji wengine huhesabu tangu tarehe ya ankara. Wengine huhesabu tangu mwisho wa mwezi, na hapo mali iliyochukuliwa tarehe 2 Machi hulipwa tarehe 30 Aprili. Njia ya pili yapendeza, lakini tazama matokeo yake: mwisho wa Aprili mama huyu angekuwa na deni la Machi, shilingi 120,000, na la Aprili, shilingi 80,000, yote pamoja 200,000. Ni muuzaji gani atakayempa mgeni kikomo hicho? Kwa njia ya kwanza deni lake halizidi sana mali ya mwezi mmoja. Basi aombe siku 30 tangu tarehe ya ankara, kikomo cha shilingi 90,000 kwa miezi ya kawaida, na 130,000 toka tarehe 1 Machi hata 30 Aprili.

Ajiulize pia fedha za kulipa zitatoka wapi. Mwalimu anayechukua chakula cha kuku na kulipa mwisho wa mwezi haleti hatari. Lakini mkulima anayechukua mbegu Machi na kuahidi kulipa akivuna hatalipa kabla ya Julai au Agosti, na ankara ya muuzaji yadaiwa Aprili. Mkopo wa siku 30 hauwezi kubeba mkopo wa miezi mitano. Kama umezoea kukopesha mbegu hadi mavuno, fanya hivyo kwa fedha zako mwenyewe, au usifanye.

Sasa mashahidi wa biashara. Shahidi wa biashara si chifu, wala mchungaji, wala shemeji. Hao waweza kusema wewe ni mtu mwema, na muuzaji hana haja ya kulijua hilo. Anayetakiwa ni muuzaji mwingine ambaye amekwisha kukupa mali kwa mkopo, kwa miezi sita au zaidi, naye aweza kufungua kitabu chake na kujibu: tangu lini, kikomo gani, deni kubwa kuliko yote lilikuwa kiasi gani, alilipa kwa siku au alichelewa, hundi yake iliwahi kurudishwa na benki?

Watu wengine hukataa kuwa mashahidi wakiogopa kulipishwa deni la mwenzao. Waeleze kwamba shahidi si mdhamini. Kwa sheria ya mikataba ya Kenya, Sura ya 23, mtu hawezi kushtakiwa kwa deni la mwingine isipokuwa ameahidi kwa maandishi na kutia sahihi. Kusema kweli kuhusu daftari lake si dhamana. Lakini asitie sahihi karatasi asiyoisoma.

Mama wetu anao wawili wa namna hiyo: muuzaji wa dawa za mifugo, na mwenye kutotoa vifaranga ambaye hulipwa nusu siku ya kuagiza na nusu baada ya siku 14. Wa tatu ni yule aliyemwuzia vyakula kwa fedha taslimu. Huyu hawezi kusema lolote juu ya kulipa deni, lakini risiti zake zathibitisha yale magunia 20, na kwa hiyo anafaa kwa jambo hilo. Awaombe ruhusa wote kabla ya kuwataja, na awaulize jina gani limeandikwa katika vitabu vyao. Hapa ndipo maombi mengi hukwama. Leseni ya duka ina jina la duka, nambari ya KRA ina jina lake, malipo yametoka katika simu ya mume, na shahidi akipigiwa simu asema, "Simjui huyo." Rekebisha hayo kwanza.

Barua yaweza kuwa hivi:

"Kwa Meneja wa Hesabu. Naomba kufungua hesabu ya mkopo. Nina duka la pembejeo sokoni Kombewa tangu mwaka 2019. Natarajia kununua kwenu kila mwezi magunia 20 ya vyakula vya mifugo. Na zaidi ya hayo pakiti za mbegu za mahindi za kilo mbili, 120 mwezi wa Machi, 40 Aprili, na 50 Septemba. Naomba siku 30 tangu tarehe ya ankara, kikomo cha shilingi 90,000, na shilingi 130,000 kwa Machi na Aprili. Wafuatao wamekubali kuulizwa habari zangu." Hapo aandike kwa kila shahidi jina la biashara, jina la karani wa hesabu na simu yake, tangu lini, kikomo, na siku za kulipa. "Nimeambatisha nakala za leseni, nambari ya KRA, na taarifa za benki na M-Pesa za miezi 12. Wenye ruhusa ya kuagiza mali kwa jina la duka ni mimi na msaidizi wangu peke yetu, na sahihi zetu ziko hapa chini."

Neno hilo la mwisho usiliache, la sivyo kijana yeyote aweza kuagiza kwa simu na deni likawa lako.

Kama unadaiwa na muuzaji wa zamani, taja deni na siku utakayolimaliza. Mawakala wa mauzo hupita duka hadi duka, na habari hiyo itafika mjini kabla ya barua yako.

Akijibu kwa kukupa fomu, tafuta mambo matatu: riba ya kuchelewa, bei ni ya siku ya kuagiza au ya siku ya kupokea, na kama mbegu zisizouzwa zaweza kurudishwa, na mpaka tarehe gani. Akikupa kikomo cha shilingi 40,000 tu, kipokee, na mali inayozidi ulipe taslimu. Kila malipo yaandikwe nambari ya ankara, na kila mwisho wa mwezi omba taarifa ya hesabu uilinganishe na daftari lako. Ombi la kuongezewa kikomo lipeleke mwezi wa Januari, pamoja na taarifa hizo, wakati karani wa Kisumu bado ana nafasi ya kuzisoma.