Namna ya Kutambua Wimbo wa Mbira kwa Sikio

Muhula uliopita mzazi mmoja alituletea kanda ya zamani. Aliwahi kufanya kazi Zimbabwe, na huko alikuwa na rafiki mpiga mbira ambaye sasa ni marehemu. Karatasi ya jina ilikuwa imekwisha banduka, naye mzee akataka kujua ni wimbo gani rafiki yake alikuwa akiupiga. Chama chetu cha muziki kikaisikiliza. Wanafunzi wengi walisema kwanza kwamba kanda imeharibika, kwa kuwa ilivuma tangu mwanzo hata mwisho kama mzinga wa nyuki. Hata mimi mwalimu wao nilikubali mvumo ule uondolewe kwa mashine tulipokuwa tukinakili. Nakala ile ilitoka kavu, kama mtu agongaye vijiko mezani. Bahati njema kanda yenyewe tulikuwa tumeihifadhi. Kosa hilo ndilo lililotupa somo hili.

Mbira ya Washona ni ubao wenye ndimi za chuma 22 au zaidi. Kidole gumba cha kushoto hupiga ndimi zote za upande wa kushoto, zikiwamo zile pana za sauti nzito. Upande wa kulia hupigwa kwa kidole gumba na kidole cha shahada. Ubao huo huingizwa ndani ya kibuyu kikubwa ili sauti ikue. Juu ya ubao na kwenye kibuyu hufungwa vifuniko vya chupa. Zamani yalikuwa magamba ya konokono. Kila ulimi upigwapo, vifuniko hivyo hutetemeka, na huo ndio mvumo tuliodhani ni ubovu.

Mvumo huo hukaa kati ya sauti moja na nyingine na kuziunganisha, hata msikilizaji husikia mto unaotiririka wala si matone. Wagogo wa Dodoma nao hutaka sauti ya namna hiyo katika ilimba yao, ila wao huziba tundu la sanduku kwa utando wa buibui, nao utando ndio unaovuma. Basi utawezaje kupambanua mvumo wa ala na ubovu wa kanda? Mvumo wa ala huzaliwa na pigo na kufa pamoja nalo. Mkwaruzo wa kanda haujali pigo. Huendelea hata mpigaji anapopumzika. Sikiliza mwisho kabisa wa wimbo, ulimi wa mwisho unaponyamaza, nawe utajua.

Lakini mvumo hukuonyesha ala tu. Wimbo hujulikana kwa mzunguko wake. Nyimbo nyingi za mbira ni duara la mapigo madogo 48, lenye sehemu nne za mapigo 12 kila moja. Duara likiisha huanza tena bila kusimama. Katika kila sehemu sauti za msingi hubadilika mara tatu, kila moja ikikaa mapigo madogo manne. Tukizipa sauti saba za ngazi ya muziki namba 1 hadi 7, mfuatano ulio wa kawaida kuliko yote ni huu:

Sehemu ya kwanza: 1 3 5
Sehemu ya pili: 1 3 6
Sehemu ya tatu: 1 4 6
Sehemu ya nne: 2 4 6

Utazame vizuri. Kutoka sehemu ya kwanza kwenda ya pili, sauti moja tu hupanda hatua moja: 5 huwa 6. Kisha 3 huwa 4. Kisha 1 huwa 2. Lakini kutoka sehemu ya nne kurudi ya kwanza, sauti zote tatu hushuka hatua moja: 2 4 6 huwa 1 3 5. Ni kama mtu apandaye ngazi kwa kusogeza mguu mmoja mmoja, halafu akarudi chini kwa mruko mmoja. Mruko huo tuliuita mshono wa duara. Usitafute mwanzo wa wimbo, maana mpigaji aweza kuanzia mahali popote. Tafuta mshono.

Hapa ndipo wanafunzi wangu walipopotea. Pamoja na mbira hupigwa manyanga yaitwayo hosho, na miguu hufuata hosho. Pigo moja la hosho huchukua mapigo madogo matatu, kwa hiyo sehemu moja ina mapigo manne ya hosho, hali sauti za msingi hubadilika mara tatu tu. Anayehesabu kwa mguu hungoja sauti ibadilike pamoja na mguu wake, nayo haibadiliki. Huona wimbo hauna mpango. Dawa yake ni kugawana kazi: mmoja apige meza pamoja na hosho, mwingine ainue kidole kila sauti nzito inapobadilika. Katika kila sehemu hukutana mara moja tu, pigo la kwanza.

Jambo la pili linalopoteza ni kufuata sauti nyembamba. Mara nyingi wapigaji ni wawili, mmoja akiongoza, na hiyo huitwa kushaura, na mwingine akijibu, ndiyo kutsinhira. Sauti zao hupishana kama nyuzi za mkeka. Sikio huokota moja huku na moja kule, na kuunda wimbo ambao hakuna mkono hata mmoja unaoupiga peke yake. Leo utasikia huu, kesho mwingine, na kanda ni ile ile. Basi anza chini, kwenye sauti nzito.

Tulifanya hivyo. Tulihesabu mapigo 16 ya hosho toka mshono mmoja hadi mwingine, yaani mara nne nne, na kila duara likachukua nafsi 8. Tuliuhesabu mshono mara kumi mfululizo bila kukosea. Hatukujali kama sauti zilikuwa juu au chini, kwa sababu kila fundi hulinganisha mbira yake kwa namna yake, na kanda ya zamani yaweza kwenda polepole au mbio. Kimo cha sauti hugeuka. Mpango wa duara haugeuki.

Hata hivyo hatukuweza kumpa mzee jina. Mfuatano ule ni wa nyimbo nyingi, kama ukoo wenye watoto wengi wa sura moja. Kinachowatenga ni jinsi mkono wa kushoto unavyopanga mapigo yake ndani ya duara, na hayo hujulikana na aliyelelewa nayo. Tulimwandikia mzee kwamba kanda yake ni nzima, kwamba wapigaji ni wawili, na kwamba mfuatano ni huo ulioandikwa hapo juu. Yeye akaipeleka kwa mpiga mbira wa Zimbabwe. Jibu likaja: ni Nyamaropa, wimbo ambao wapigaji wengi huuhesabu miongoni mwa nyimbo kongwe. Mzee alisema rafiki yake alizoea kuupiga usiku akitoka kazini.

Nakala ile kavu tumeifuta. Iliyomo katika maktaba sasa inavuma.

MAZOEZI
1. Ikiwa hosho hupigwa mara 96 kwa dakika, duara moja huchukua nafsi ngapi?
2. Andika mfuatano ukianzia sehemu ya tatu. Mshono uko wapi?
3. Sikiliza mbira au ilimba mpaka sauti ya mwisho inyamaze. Mvumo ulikoma lini?