Usimwombe mhadhiri "aipitie tu"

Mdogo wangu wa mwaka wa pili, barua pepe uliyotaka kumtumia mhadhiri wako wa fasihi nimeisoma. Umeandika: "Habari mwalimu, naomba unipitie insha yangu uniambie kama iko sawa." Hujamkosea adabu, ila umempa kazi isiyo na mpaka. Ana rundo la insha mezani na hajui aanzie wapi kwenye yako. Atakujibu "nimeiona, endelea," nawe utabaki palepale.

Kwanza rekebisha kichwa cha barua. Badala ya "Insha", andika "Ombi la maoni: rasimu ya insha ya Kinjeketile, semina ya Jumanne". Hapo anajua wewe ni wa kundi gani hata kabla hajaifungua. Kisha msalimie kama ambavyo ungemsalimia ukimkuta ofisini, na cheo chake ukitaje sawasawa, maana Profesa si Daktari.

Sehemu inayohitaji muda wako ni ombi lenyewe. Jaribu hivi:

"Shikamoo Daktari. Mimi ni mwanafunzi wako wa mwaka wa pili, semina ya Jumanne. Ninaandika insha kuhusu tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein. Hoja yangu ni kwamba imani katika maji ndiyo iliyowaunganisha watu, na imani hiyohiyo ikamzidi nguvu Kinjeketile aliyeianzisha. Aya ya tatu inanitatiza: nahofia nimesimulia tukio badala ya kulichambua. Naomba, ukipata nafasi kabla ya Ijumaa ijayo, uniangalizie aya hiyo. Insha tunaikusanya Jumatano inayofuata. Nimeambatisha rasimu nzima, na aya yenyewe nimeitia rangi ya njano. Natanguliza shukrani."

Malizia kwa jina kamili na namba ya usajili.

Umeona? Hoja umeitaja kwa sentensi moja. Ukishindwa kuifupisha hivyo, barua isubiri, kwa sababu tatizo liko kwenye insha na utaligundua mwenyewe. Tena umeonyesha aya na shaka uliyonayo. Kusimulia badala ya kuchambua ndiko kunakowaangusha wengi kwenye insha za tamthilia: mwanafunzi anaeleza Kinjeketile alifanya nini, asiseme tendo hilo linathibitisha nini. Mhadhiri akiona umeshaanza kulishuku hilo, atakujibu kwenye kiini chake.

Faili usiliite "insha mpya mwisho". Liwe na jina lako na la kazi, na ulifungue kwanza kuhakikisha ni lenyewe.

Akinyamaza wiki nzima, mkumbushe mara moja kwa kujibu barua ileile, usianzishe nyingine. Usimfuate WhatsApp usiku. Akiwa na saa za kuonana na wanafunzi, nenda na aya hiyo ikiwa imechapwa.

Na akishakupa maoni, mdogo wangu, mwandikie tena mistari miwili umweleze ulichobadilisha.