Kliniki ya Mkoba Kabla Maji Hayajatoka: Namna ya Kuichora Huduma na Kuimudu Foleni

Katika kata ya Maparoni, ndani ya delta ya Rufiji wilayani Kibiti, maji ndiyo yanayopanga saa za kliniki. Boti ya huduma ya mkoba huingia kwenye mkondo maji yakijaa, na lazima itoke kabla hayajapwa. Ikichelewa hukaa kwenye matope katikati ya mikoko, na maji mengine hayaji mpaka zipite saa kumi na mbili na dakika kama ishirini na tano. Kwa hiyo kila dakika inayopotea kwenye foleni ya chanjo ni ya mtoto fulani atakayerudishwa nyumbani bila kuchanjwa.

Mwongozo huu ni wa timu ya watu watatu: nesi anayechanja, mhudumu wa zahanati anayekaa mezani na kadi, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayepima uzito. Namba nitakazotumia ni za mfano nilioupanga mwenyewe. Weka zako baada ya kupima kliniki yako kwa saa.

Hatua ya 1: Chora safari ya mama

Chukua karatasi ya manila. Juu kabisa, kutoka kushoto kwenda kulia, andika kila anachofanya mama kuanzia anaposikia habari za kliniki mpaka anapofika nyumbani. Anaambiwa siku. Anapanda mtumbwi au anatembea. Anatoa kadi. Anamvua mtoto nguo na kumning'iniza kwenye mizani. Anasubiri. Mtoto anachanjwa. Anaambiwa siku ya kurudi. Anaondoka.

Chini ya kila tendo lake andika wanachofanya watoa huduma mbele ya macho yake: kuipokea kadi, kusoma mizani, kudunga, kueleza. Kisha piga mstari mmoja mnene kukatiza karatasi yote. Huo ndio pazia. Chini yake andika yale ambayo mama hayaoni na bila hayo hakuna kliniki: kugandisha barafu, kuhesabu chupa za chanjo, kutia mafuta kwenye mashine ya boti, kumpigia simu mwenyekiti wa kitongoji, kuuliza mwezi una siku ngapi.

Uchoraji huu ulienezwa na Lynn Shostack katika makala aliyoichapisha mwaka 1984 kwenye jarida la biashara la Harvard. Mfano wake mmoja ulikuwa wa mtu anayeng'arisha viatu barabarani, na mahali alipoweka alama ya hatari ni pale mng'arishaji anapopaka rangi isiyo ya kiatu hicho. Mama wa Maparoni ana hatari zilizo nzito zaidi, na nyingi ziko chini ya pazia.

Hatua ya 2: Tia alama nyekundu panapoharibika

Pitia mchoro tendo kwa tendo ukiuliza: hapa pakiharibika, nani atajua, na atajua saa ngapi? Palipo na jibu la "tutajua tukishafika", weka duara jekundu. Kwenye kliniki ya boti mimi huanza na maduara matatu.

La kwanza ni barafu. Chanjo hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8 za selsiasi. Wengi huogopa joto peke yake, lakini chanjo kama pentavalenti huharibiwa pia na kuganda. Pakiti za barafu zikitolewa kwenye friza na kuwekwa moja kwa moja ndani ya kikasha, chupa iliyozigusa inaweza kuganda na kuyeyuka tena, na kwa kuitazama tu usione kosa. Dawa yake ni subira asubuhi: acha pakiti za barafu nje, zitikise mara kwa mara, na zipange ndani ya kikasha pale tu unaposikia maji yakicheza ndani yake. Kwa upande wa joto, kila chupa ina alama ya mraba ndani ya duara. Mraba ukifikia weusi wa duara au kuupita, chupa hiyo haitumiki tena.

La pili ni maji ya kuchanganyia. Chanjo ya surua-rubela na ile ya kifua kikuu huja zikiwa unga, na kila moja ina maji yake maalumu. Chupa za unga zikipakiwa na maji yake yakasahaulika kwenye friji, timu itafika na chanjo isiyochanjika, na duka la kuyanunulia halipo mkondoni. Basi zihesabu pamoja, chupa kwa chupa, mtu mmoja akihesabu kwa sauti na mwingine akiandika.

La tatu liko mbele ya pazia: "mama, urudi mwezi ujao". Chupa ya surua-rubela ina dozi kadhaa, na ikishachanganywa hutumika ndani ya saa sita tu. Nesi akiona mtoto mmoja wa miezi tisa anaona huruma kufungua chupa nzima. Shirika la Afya Duniani linashauri ifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, nami nakubaliana nalo kabisa, hasa mahali ambapo mwezi ujao unategemea mafuta, upepo na mwezi wa angani. Dozi zilizomwagwa zinaweza kuagizwa tena.

Hatua ya 3: Chagua siku kwa mwezi

Katika pwani yetu, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu maji hujaa kuelekea saa kumi, alfajiri na alasiri. Maana yake saa nne asubuhi ya bamvua, muda ambao akina mama wamezoea kliniki, mikondo imekauka. Kila siku inayofuata maji huchelewa kwa dakika kama hamsini. Ukihesabu siku tano baada ya mwezi mpevu, maji yanajaa kama saa mbili na robo asubuhi. Ukisubiri zaidi unapata saa nzuri, lakini unaingia kwenye maji mafu, ambayo hayapandi sana na huenda yasifike mikondo ya ndani. Nahodha wa hapo ndiye anayejua mkondo gani unapitika siku gani. Aulizwe kabla ratiba haijaandikwa.

Tuseme siku tuliyochagua maji yanajaa saa 2:30 asubuhi na mkondo unapitika mpaka saa 5:30. Boti inafika na maji yaliyojaa, nusu saa inakwenda kutandaza vitu, na nusu saa ya mwisho ni ya kufungasha. Muda wa kuhudumia ni kuanzia saa 3:00 hadi saa 5:00, yaani dakika 120. Orodha ina watoto 36.

Hatua ya 4: Tafuta panapobana

Kaa pembeni kliniki moja ukiwa na saa na usimsaidie mtu. Katika mfano wetu kila mtoto anatumia dakika 3 mezani, dakika 2 kwenye mizani na dakika 5 kwa nesi. Huduma nzima inakwenda kwa mwendo wa nesi: dakika 120 kwa dakika 5 ni watoto 24. Watoto 12 watabaki. Kuongeza mtu wa mizani hakutamsaidia hata mmoja wao.

Sasa zitazame zile dakika tano kwa karibu. Nesi anasoma kadi kujua mtoto anadaiwa chanjo gani, anavuta dawa, anadunga, anaandika kwenye kadi, anaandika kwenye rejesta, anataja tarehe ya kurudi. Kudunga kwenyewe ni sehemu ndogo. Hamishia usomaji wa kadi kwa mhudumu wa mezani, amwandikie nesi chanjo zinazotakiwa kwenye kipande cha karatasi. Nesi aitazame kadi mara moja kuhakiki, kisha aendelee. Anabaki na dakika 3.

Lakini angalia meza. Ilikuwa na dakika 3, tumeiongezea 2, na sasa foleni imehama kutoka kwa nesi kwenda mezani. Timu nyingi huishia hapo zikadhani mpango haukufaa. Rudi kwenye mchoro, chini ya pazia, siku moja kabla: kazi ya kuandika jina la mtoto, la mama na la kitongoji kwenye rejesta inaweza kufanywa jioni na mhudumu wa jamii, kwa kuwa orodha ya wanaodaiwa chanjo anayo. Asubuhi meza inatafuta jina na kusoma kadi tu, na inarudi chini ya dakika 3. Kwa dakika 3 kwa kila mtoto, watoto 36 wanatumia dakika 108. Zinabaki 12, nazo usizijaze. Kuna mtoto atakayelia mpaka mama aombe kupumzika, na kuna kadi iliyoloa maji isiyosomeka.

Na kwenye mizani weka suruali mbili za kupimia badala ya moja. Mtoto mmoja akining'inia, mwenzake anavalishwa.

Hatua ya 5: Gawa foleni kabla haijaundwa

Akina mama wote 36 wakija kwa mlio wa boti, wa mwisho atamsubiri nesi dakika 105, mtoto mgongoni. Wakiitwa kwa makundi matatu ya watu 12, saa 3:00, saa 3:36 na saa 4:12, wa mwisho wa kila kundi atasubiri kama dakika 33. Nesi anamaliza saa ile ile, 4:48.

Kundi la kwanza liwe la wanaokuja kwa mitumbwi kutoka ng'ambo, kwa kuwa nao wanakimbizana na maji yale yale. Wa mwisho wawe wanaotembea kwa miguu kutoka jirani. Utaratibu huu utangazwe jana yake na mwenyekiti wa kitongoji, pamoja na sababu yake. Mama aliyewahi kufika, akaona mwingine aliyekuja nyuma yake akitangulizwa, asipojua kwa nini ataondoka akiamini amedharauliwa, na mwezi ujao hatakuja.

Hatua ya 6: Hesabu vichwa

Saa 4:00 simama uhesabu wanaosubiri. Zidisha kwa 3. Wakiwa 20 hizo ni dakika 60, na atakayejiunga wakati huo atafikiwa saa 5:00, muda wa kufunga. Yeye na kila anayekuja baada yake mwambie ukweli papo hapo, usimweke juani kwa matumaini. Kabla hajaondoka, mhudumu wa mezani asome kadi yake na aandike jina la mtoto na chanjo anayodaiwa juu ya ukurasa mpya wa rejesta. Safari ijayo ndiye wa kwanza kuitwa.