SOMO: MANENO MACHACHE YA KUSINDIKIZA WASIFU WAKO



Tangazo la kazi likisema utume wasifu kwa barua pepe, wasifu huo unauambatisha. Maneno yanayousindikiza nayo yana kazi yake. Afisa anayepokea maombi mengi huenda akayapitia kwenye simu, na kabla hajafungua barua yako huona hasa mambo matatu: jina lako, kichwa cha barua, na maneno machache ya mwanzo.

Tumezoea kuanza hivi: "Pokea salamu nyingi, natumaini u mzima wa afya. Dhumuni la barua hii ni..." Ni adabu njema, lakini pale kwenye simu afisa ataona salamu tu, wala hatajua unaomba kazi gani. Heshima inatosha kwa mstari mmoja mfupi.

Tuchukue mfano. Tangazo linataka mhamasishaji wa usafi mwenye uzoefu, anayejua Kiswahili na Kirundi. Andika hivi:

Kichwa: Maombi ya uhamasishaji wa usafi – (jina lako)

Ndugu Afisa,

Naomba kazi ya uhamasishaji wa usafi. Nimeifanya miaka 2, na nazungumza Kiswahili na Kirundi.

Nilitembelea kaya 60 kila mwezi kufundisha kunawa mikono na kutunza vyoo. Kila Ijumaa niliandika ripoti.

Wasifu wangu umeambatishwa. Naweza kuanza mara moja.

(Jina kamili)
(Namba ya simu)

Tazama mpangilio wake. Fungu la kwanza linataja kazi na kujibu masharti ya tangazo. La pili linatoa ushahidi mmoja, wenye hesabu inayoeleweka. La tatu linaonyesha wasifu ulipo na lini unapatikana. Shule ulizosoma na wadhamini usivirudie. Vimo ndani ya wasifu. Kila fungu lisizidi sentensi mbili, na uruke mstari kati ya fungu na fungu, kwa sababu fungu fupi la karatasini huonekana refu kwenye uso wa simu. Namba ya simu ikae peke yake, ikianza na alama ya kujumlisha na namba ya nchi, ili afisa aiguse na kupiga.

Ambatisha wasifu kabla ya kuandika neno lolote, maana wengi huandika "umeambatishwa" kisha wakausahau. Uwe wa PDF, ili mistari isivurugike kwenye simu ya mwingine.

Mwisho, jitumie barua hiyo mwenyewe, au umtumie jirani. Itazameni kwenye simu bila kuifungua. Je, kazi unayoomba inaonekana? Kisha ifungueni: je, wasifu unafunguka? Jibu likiwa hapana, rekebisha kwanza.

Tangazo likidai barua ya maombi iambatishwe pekee, fuata tangazo.